Mwongozo mmoja wa sanskrini, posti 26: namna ya kuukata bila kuuharibu

Nauza vipodozi Mwanjelwa, jijini Mbeya, na bidhaa inayonipa maswali mengi kuliko zote ni sanskrini, krimu ya kukinga ngozi na jua. Mtu anashuka kwenye bajaji amevaa sweta, upepo wa Uyole bado uko kwenye nguo zake, ananiuliza: "Dada, na baridi hii jua la kuniunguza liko wapi?" Jibu lake ni refu. Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 1,000 miale ya jua inayoathiri ngozi huongezeka kwa takribani asilimia 10. Hewa ni baridi lakini miale ni mikali kuliko ya Dar es Salaam. Ukimweleza mteja mmoja hivyo, unatumia dakika tano. Ukiwaeleza kumi, asubuhi imeisha.

Kwa hiyo niliandika mwongozo wa sanskrini wenye aya 14, nikauweka kama faili ninalomtumia mteja kwenye WhatsApp. Walioufungua waliusoma nusu, na wengi hawakuufungua kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kuukata vipande vidogo vya stetasi na Instagram, na kwenye kukata nikakosea vibaya mara ya kwanza. Nieleze kosa kwanza, kwa sababu njia yote ninayoifuata sasa imetoka humo.

Aya ya saba ya mwongozo ilisema sanskrini ipakwe asubuhi, na anayeshinda nje arudie kila baada ya saa mbili. Nikachukua sentensi ya kwanza peke yake, nikaiweka juu ya picha nzuri: "Paka asubuhi kabla ya kutoka, ngozi yako iko salama." Mteja wangu mmoja alikuwa na banda la chakula viwanja vya Nane Nane pale John Mwakangale. Alipaka alfajiri, akashinda juani mpaka jioni siku tatu mfululizo. Alirudi dukani mashavu yameiva, juu ya pua ngozi inabanduka. "Dada, si uliandika asubuhi inatosha?" Alikuwa na haki. Niliandika. Kwenye mwongozo sentensi ya pili ilikuwepo, lakini yeye hakuusoma mwongozo, alisoma stetasi.

Aya ndefu husaidiana: sentensi moja inasema jambo, inayofuata inaliwekea mpaka. Ukitoa moja bila nyingine umetoa nusu ya ukweli. Kipande kidogo lazima kibebe sharti lake ndani yake, kwa kuwa anayekiona huenda asione kingine chochote chako.

Kwanza, zipe aya namba

Kabla ya kukata chochote, andika namba pembeni ya kila aya ya mwongozo wako, 1 hadi mwisho. Ni kazi ya dakika mbili, na faida yake utaiona miezi mitatu baadaye jambo moja litakapobadilika.

Kisha chukua daftari la mistari, ufungue kurasa mbili zinazotazamana, uchore safu tano: swali, jibu, sharti, picha, namba ya aya. Mimi natumia daftari la kawaida la shule. Anayependa kuchora jedwali kwenye simu achore, lakini daftari linakaa juu ya kaunta, na swali la mteja linaandikwa pale pale anapoliuliza.

Kata kwa maswali, usikate kwa vichwa vya habari

Wengi wanachukua kila kichwa cha habari cha mwongozo na kukifanya posti: "Faida za sanskrini", "Aina za sanskrini", "Namna ya kutumia". Posti hizo hazisomwi, maana hakuna mtu anayeamka asubuhi akiwaza aina za sanskrini. Anawaza kwa nini ile aliyonunua inamwacha mweupe kama aliyepakwa majivu.

Soma mwongozo wako aya moja baada ya nyingine. Kila aya jiulize: mteja angeuliza nini ili hili liwe jibu lake? Andika swali kwa maneno ya mteja mwenyewe. Usiandike "kiasi sahihi cha matumizi", andika "Naipaka kiasi gani?" Ukikwama, rudi kwenye jumbe za WhatsApp, tafuta neno "sanskrini", usome walivyouliza. Mimi nilipata maswali 31 kutoka kwenye aya 14. Aya moja ilizaa matano, na nyingine mbili hazikuzaa hata moja. Hizo mbili zilikuwa utangulizi tu, nimezifuta hata kwenye mwongozo wenyewe.

Aya ya saba ilivyokatwa

Hii ndiyo aya ya saba kama ilivyo sasa:

> Kipimo ni vidole viwili. Kamua mstari wa sanskrini juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Hicho ni cha uso na shingo pamoja. Ukipaka nusu yake hupati kinga ya SPF uliyoilipia, kwa sababu namba ile hupimwa maabara kwa tabaka nene. Paka robo saa kabla ya kutoka. Ukishinda nje rudia kila baada ya saa mbili, na kila ukijifuta jasho au kunawa uso.

Kila kipande nakiandika kwa mpangilio mmoja: swali, jibu la sentensi moja au mbili, sharti, halafu jambo moja la kufanya leo. Maneno 40 hadi 60 yanatosha. Mstari wa kwanza lazima uwe swali lenyewe, maana Instagram huonyesha mwanzo tu wa maelezo na kuficha mengine mpaka mtu aguse.

Kipande cha kwanza kikatoka hivi:

> Sanskrini naipaka kiasi gani?
> Vidole viwili: mstari mmoja kwenye kidole cha shahada, mwingine kwenye cha kati. Hiyo ni ya uso na shingo. Ukipaka nusu, kinga nayo inapungua hata kama chupa imeandikwa SPF 50. Kesho asubuhi pima kwa vidole kabla ya kupaka, uone ulikuwa unapaka kiasi gani.

Kipande cha pili hakikuwemo kwenye aya kwa maneno, lakini kimetoka humo kwa hesabu. Vidole viwili ni kama robo ya kijiko cha chai, yaani mililita 1 na robo. Chupa ya mililita 50 ina vipimo 40.

> Chupa ya mililita 50 inakaa muda gani?
> Ukipaka uso na shingo mara moja kwa siku, siku 40 hivi. Ukirudia mchana, siku 20. Kama yako ina miezi sita na bado ipo, unapaka kidogo mno na hupati kinga yake. Itikise chupa yako sasa hivi, halafu ukumbuke uliinunua lini.

Kipande hiki kimeniuzia kuliko tangazo lolote la bei, na sikutaja bei. Mtu anakwenda kuitikisa chupa yake kweli.

Cha tatu ndicho kile nilichokiharibu mwanzo, sasa na sharti lake:

> Nikipaka asubuhi inatosha mpaka jioni?
> Kama unashinda ndani mbali na dirisha, kupaka asubuhi kunaweza kutosha. Kama uko nje, sokoni, shambani au kwenye bodaboda, hapana. Rudia kila baada ya saa mbili, na kila ukijifuta jasho. Weka chupa kwenye mkoba, usiiache nyumbani.

Maneno "mbali na dirisha" si pambo. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya miale ya UVB, ile inayounguza, lakini UVA hupenya, na hiyo huchangia madoa. Mwalimu mmoja anayekaa karibu na dirisha ofisini aliniuliza mbona upande wa kushoto wa uso wake una madoa mengi kuliko wa kulia. Swali lake limekuwa kipande cha nne, ingawa jibu lake liko aya ya tatu. Usiogope kipande kimoja kuchota aya mbili, ila namba zote mbili ziandikwe kwenye daftari.

Cha tano ni video fupi isiyo na maneno: mkono wangu, mistari miwili kwenye vidole, kisha napaka. Nilirekodi mlangoni pa duka saa nne asubuhi kwa mwanga wa nje, bila kichujio chochote. Kwa bidhaa za ngozi kichujio ni uongo, kwa sababu rangi ndiyo habari yenyewe. Kwa swali la majivu nilipiga picha mbili za mkono huo huo, moja dakika niliyopaka na nyingine baada ya dakika tano. Sanskrini zenye zinki oksaidi au titani dioksaidi mara nyingi huacha weupe juu ya ngozi nyeusi, na baadhi weupe wake hautulii hata ukisubiri. Nimeweka picha ya iliyotulia na ya isiyotulia, zote mbili za dukani kwangu. Picha za ngozi za watu wengine zinazozunguka mitandaoni sizitumii. Mteja akileta malalamiko, sina la kumjibu kuhusu ngozi nisiyoijua.

Aya ambazo hazikatwi

Katika maswali 31, matano nimeyaacha. Kipimo changu ni chepesi: nikiandika jibu halafu sharti likawa refu kuliko jibu, kipande hakitoki. Kinabaki ndani ya mwongozo, na anayeuliza anatumiwa aya nzima au anaambiwa apite dukani tuzungumze.

Swali la watoto ni mfano. Mtoto wa chini ya miezi sita kwa kawaida hapakwi sanskrini, anakingwa kwa kivuli, nguo na kofia. Wa juu ya hapo inategemea bidhaa na ngozi yake. Nikikata vibaya, mama anabaki na "mtoto hapakwi" au "mtoto anapakwa", na yote mawili ni hatari. Vivyo hivyo mwenye ualbino. Kwake sanskrini ni kinga dhidi ya saratani ya ngozi, na inakwenda pamoja na kofia pana, mikono mirefu na kuchunguzwa ngozi kliniki. Jambo hilo halitoshei juu ya picha yenye maua.

Aya ya waliotumia krimu za kujichubua pia nimeiacha nzima. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi hapa nchini, lakini bado mtu anakuja ngozi imeshaharibika akitafuta sanskrini imrudishie rangi. Mama mmoja kutoka Tukuyu alinijibu kwenye stetasi ya madoa: "Mwanangu, nikipaka hii nitang'aa kama zamani?" Nikamjibu, "Shikamoo mama. Hii inazuia madoa yasizidi kukolea, haiyafuti. Nitumie jina la krimu uliyokuwa unatumia kabla hujanunua chochote." Baada ya kuona jina lake nilimshauri aende kwa daktari wa ngozi, na siku ile sikumuuzia kitu. Mazungumzo kama hayo yanahitaji kurudi na kwenda, na kipande hakiwezi kurudi na kwenda.

Vya ratiba na vya kusubiri siku yake

Nilibaki na vipande 26. Nilivigawa mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni vya ratiba, 18. Hivi vinatoka siku yoyote, kimoja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, saa moja asubuhi watu wakijiandaa kutoka. Sivitoi kwa mpangilio wa mwongozo. Natanguliza vya shaka: kama mtu mweusi anahitaji sanskrini, kama itamwacha na majivu. Baadaye vya kiasi na muda, mwisho vya kuchagua chupa. Mtu asiyeamini kwamba anaihitaji hana haja ya kujua SPF 30 huzuia karibu asilimia 97 ya miale ya UVB na SPF 50 karibu asilimia 98. Kwa aliyeamini, tofauti hiyo ndogo ni habari njema, maana anaweza kununua ya SPF 30 ya bei nafuu akaipaka ya kutosha.

Fungu la pili ni vinane vya kusubiri siku yake, na hivi navipenda zaidi. Kimoja kinauliza, "Leo kuna ukungu, nipake?" Siku ya jua kali hakina maana. Asubuhi ambayo huoni ng'ambo ya barabara pale Mafiati, kinamgusa kila mtu, kwa sababu ndiyo hali anayoiona mlangoni kwake. Jibu lake ni kwamba sehemu kubwa ya miale huweza kupita kwenye mawingu mepesi na ukungu. Kingine kinangoja wiki ya Nane Nane, kingine msimu wa kuvuna mpunga Kyela, kingine siku shule zinapofungua na wazazi wanasimama kwenye foleni juani. Vyote vimekaa kwenye simu pamoja na picha zake. Siku ikifika natumia nusu dakika.

Stetasi inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo kipande kile kile nakirudia baada ya wiki sita nikiwa nimebadilisha picha, na hakuna aliyewahi kulalamika. Instagram na Facebook posti inabaki, hivyo huko sirudii, naweka picha kadhaa za aya moja zifuatane ndani ya posti moja. Kumbuka pia kwamba stetasi yako inaonekana na mtu aliyehifadhi namba yako nawe ukahifadhi yake. Orodha ya matangazo ya WhatsApp nayo inapokea watu 256 tu, na ambaye hajakuhifadhi ujumbe haumfikii. Mteja akilipa, kabla hajaondoka namwomba ahifadhi namba ya duka pale pale kaunta.

Njia ya kurudi kwenye mwongozo

Kipande kinafungua swali, mengine yanabaki kwenye mwongozo. Chini ya kila kimoja naandika: "Jibu JUA nikutumie maelezo yote." Kwenye WhatsApp Business kuna sehemu ya majibu ya haraka. Nimehifadhi ujumbe wenye maelezo mafupi na kiungo cha faili la mwongozo, nikaupa njia hii ya mkato:

```
/jua
```

Mteja akiandika JUA, mimi naandika hivyo, ujumbe unatokea, natuma. Zamani nilikuwa nanakili kutoka kwenye simu, na mara mbili nilimtumia mtu mwongozo wa mafuta ya nywele.

Bei haimo ndani ya kipande chochote. Bei inabadilika kila mzigo ukija, na kipande kinaweza kusambazwa na watu mwaka mzima. Bei iko kwenye katalogi, na anayeiuliza namwelekeza huko.

Kujua kama kinafanya kazi

Idadi ya walioona stetasi haikuambii mengi. Mimi natazama wanachojibu. Wakiuliza bei au kama nafikisha mpaka Vwawa, kipande kimefanya kazi yake. Wakiuliza tena swali lile lile lililoandikwa juu ya picha, jibu halieleweki. Wakiuliza "na kama niko nje?" au "na kama nina chunusi?", kuna sharti nimelisahau, na swali hilo linaingia kwenye daftari siku hiyo hiyo. Kipande cha robo saa kilinirudia hivyo mara nne. Nilikuwa nimeandika "subiri robo saa", watu wakadhani lazima wakae ndani bila kufanya kitu. Nikaandika upya: "Paka, halafu vaa nguo na unywe chai. Ukimaliza, uko tayari kutoka." Maswali yakaisha.

Sasa ile faida ya namba. Mwezi uliopita mzigo mpya ulikuja na chupa ileile kwa kuitazama, lakini lebo ilisema mililita 40. Vipimo vikawa 32, si 40 tena. Nilifungua daftari, nikapitisha kidole kwenye safu ya mwisho nikitafuta kila penye 7. Katika vipande vyote vya aya hiyo, kilichotaja siku na mililita ni kile cha chupa. Nikakirekebisha pamoja na ujumbe wa /jua, na saa moja jioni, kabla sijafunga duka, kilitoka upya kikiwa na swali jipya: "Chupa mpya ni ndogo kidogo, itanitosha siku ngapi?"